Neno la siri lenye nukta moja zaidi

*Shikamoo fundi. Nina duka la stesheneri Ngamiani, Tanga. Laptopu yangu nikipiga n zinatoka mbili, siku nyingine inajaza n mstari mzima, na asubuhi inakataa neno la siri. Simu nayo tangu imwagikiwe maji ya bahari inajigusa yenyewe, juzi ilimpigia mteja usiku. Kijana mmoja kaniambia nimedukuliwa, anataka 50,000 apige Windows upya na aflashi simu. Nitajuaje kama ni virusi au ni mashine?*

Marahaba mwanangu. Hela yako kaa nayo kwanza. Vyombo vyako viwili ulivyoniachia Alhamisi nimekaa navyo siku mbili, na hakuna mtu aliyeingia humo. Kilichoingia ni chai kwenye kibodi na bahari kwenye simu. Lakini nikikwambia hivyo nikanyamaza nitakuwa sawa na huyo kijana, maana yeye kasema lake na mimi nimesema langu, nawe huna pa kushika. Kwa hiyo nakueleza nilichokiona na jinsi nilivyokiona. Mambo mengi hapa unaweza kuyarudia mwenyewe juu ya kaunta ya duka.

Nianze na neno la siri, kwa sababu ndilo lililokutisha. Lile la muda uliloniwekea, `ninakuja`, lina herufi 8, na ndani yake mna n mbili. Ijumaa saa moja asubuhi niliwasha laptopu, nikaliandika polepole kwa kidole kimoja, na kabla sijabonyeza kitufe cha kuingia nikahesabu nukta kwenye kisanduku. Zilikuwa 9. Nikabonyeza alama ya jicho iliyo pembeni ya kisanduku, nikasoma `ninnakuja`. Kompyuta ikakataa, na ilikuwa na haki ya kukataa. Mara ya pili nukta zikawa 8, ikafungua. Nikaifunga tena makusudi, nikajaribu, zikawa 10. Kisha nikachomeka kibodi ya nje, ya waya wa USB, nikaingia mara ishirini mfululizo bila kukataliwa hata mara moja. Neno la siri lililobadilishwa na mwizi halifunguki kwa kubadili kibodi. Mtu akibanwa na hofu hahesabu nukta. Anaandika tena kwa haraka zaidi, anakataliwa tena, na kufikia mara ya tano ameshaamini kuna mtu.

Baada ya hapo nilitaka kujua ugonjwa ni wa herufi ngapi na ni mkubwa kiasi gani. Fungua Notepad, ukurasa mtupu. Chini kabisa inakuonyesha kielekezi kiko wapi, kwa mfano `Ln 1, Col 1`. Bonyeza n mara mia moja, taratibu, ukihesabu kwa mdomo, ukiachia kila mara kabla ya kubonyeza tena. Kibodi nzima inatakiwa iishie `Col 101`. Yako asubuhi ile iliishia `Col 124`, yaani n 23 ambazo kidole changu hakikuziandika. Nikafanya hivyo hivyo kwa m na kwa b, majirani wa n kulia na kushoto: 101 na 101. Saa nane mchana, jua limekausha kibaraza na mashine imewaka tangu asubuhi, nikarudia n peke yake. Ikaishia `Col 109`.

Ziangalie hizo namba kidogo. Ugonjwa umekaa kwenye kitufe kimoja, majirani wazima, na unapungua mchana hewa inapokauka. Virusi ni programu. Programu haijui kama umande umekauka. Wala haina sababu ya kuichukia n na kuipenda m.

Ingawa hapo nilikuwa nimeshaelewa, nilipenda kuona kitufe chenyewe kinasema nini kabla Windows haijagusa kitu. Nina flashi yenye Linux, naiwashia mashine za wateja bila kugusa diski yao. Hiyo peke yake ni ushahidi: kama n inajirudia hata ndani ya mfumo mwingine kabisa, basi kilichomo kwenye Windows yako hakihusiki, na kuipiga upya ni kazi ya bure. Ukiwa na Linux amri ni hii, kisha unachagua kwenye orodha kibodi ya ndani ya laptopu, ambayo kwa kawaida inaitwa `AT Translated Set 2 keyboard`:

```
sudo evtest
```

Nikabonyeza n mara moja. Nimeondoa mistari isiyohusika na kufupisha iliyobaki, nayo ni hii:

```
time 1718000012.031, code 49 (KEY_N), value 1
time 1718000012.043, code 49 (KEY_N), value 0
time 1718000012.058, code 49 (KEY_N), value 1
time 1718000012.127, code 49 (KEY_N), value 0
```

Hapo `value 1` maana yake kitufe kimebonyezwa, `value 0` kimeachiwa. Tarakimu tatu za mwisho za muda ni milisekunde, yaani sehemu ya elfu ya sekunde. Kidole changu kilishuka mara moja na kupanda mara moja. Kompyuta imeona kimeshuka kwenye 31, kimepanda kwenye 43, kimeshuka tena kwenye 58, kisha kikapanda kwenye 127. Kati ya mshuko wa kwanza na wa pili ni milisekunde 27. Mkono wa mtu hauwezi hilo. Piga meza kwa kidole kimoja kwa kasi yako yote: watu wengi wanaishia mara sita au saba kwa sekunde, yaani kama milisekunde 150 kutoka pigo moja hadi jingine. Nilipoandika neno "nne" kwa kibodi nzima, n ya kwanza na ya pili zilipishana kwa karibu 190. Kwa hiyo nikiona 27 najua si kidole. Ni vyuma vimegongana vyenyewe.

Kwa nini vigongane? Chini ya vitufe vya laptopu yako kuna karatasi tatu nyembamba za plastiki zilizolaliana kama chapati. Ya juu na ya chini zimechorwa njia za umeme kwa wino wenye fedha ndani yake, na ya katikati ina tundu chini ya kila kitufe. Ukibonyeza, kikombe kidogo cha mpira kinasukuma karatasi ya juu ipenye tundu iguse ya chini, njia zinakutana, na kidhibiti cha kibodi kinasema "n". Sasa hakuna mguso wa vyuma viwili unaotulia papo hapo. Ni kama mlango wa mbao ukiuachia: unagonga, unarudi kidogo, unagonga tena, ndipo unatulia. Waliotengeneza kibodi wanalijua hilo, ndiyo maana kidhibiti kinasubiri milisekunde chache, tuseme 5 au zaidi kidogo, kabla ya kuamini alichokiona. Mguso mpya unatulia ndani ya muda huo, nawe huoni kitu. Mguso uliochakaa au ulioingia uchafu unatetemeka zaidi ya muda huo, na kidhibiti kinaandika mtetemo kama pigo la pili.

Hapa kwetu kuna kitu kinachozidisha, nacho ni chumvi. Chumvi ya kawaida ina tabia yake: unyevu wa hewa ukipita karibu asilimia 75 inavuta maji yenyewe mpaka inalowana, na chumvi iliyolowana inapitisha umeme. Hewa ikikauka inarudi kuwa unga, haipitishi. Kila mama wa Tanga anaijua kwenye kikopo cha jikoni, asubuhi imeshikana, mchana inamwagika. Duka lako halina mlango wa kioo, upepo wa baharini unapita humo mwaka mzima, na ile 124 ya asubuhi dhidi ya 109 ya mchana ni kikopo hicho hicho. Watu husema Tanga waja leo waondoka leo. Chumvi ikishaingia kwenye kibodi, hiyo haiondoki.

Tuje kwenye zile siku inapojaza mstari mzima, maana ule si ugonjwa huu. Kutoa `nn` na kutoa `nnnnnnnn` ni mambo mawili, na watu wanayachanganya. Kompyuta ikiona kitufe kimeshikiliwa inasubiri kidogo, kwenye Windows ni kati ya robo sekunde na sekunde nzima kutegemea ulivyoiweka, kisha inaanza kurudia herufi kwa mwendo usiobadilika, hadi karibu 30 kwa sekunde. Ndivyo ilivyotengenezwa, ndivyo unavyofuta mstari kwa kushikilia kitufe cha kufutia. Kwa hiyo mstari wa n zilizopangika kama shanga unasema kitufe kimeshuka hakijapanda. Kwenye `evtest` inaonekana wazi: `value 1` moja, halafu msururu wa `value 2`, ambayo ndiyo alama ya kurudia, na `value 0` haiji mpaka ukikibandua. Kama ungekuwa mtetemo ungeona 1 na 0 zinapishana ovyo.

Niling'oa kofia ya n. Chini yake kulikuwa na ukoko wa rangi ya kahawia, unang'aa, unanata kidoleni. Chai ya sukari. Ilikuwa imegandisha kile kimkasi cha plastiki kinachopandisha kitufe, upande mmoja tu, kwa hiyo ukibonyeza kwa pembeni kinakwama na ukibonyeza katikati kinapanda. Hiyo ndiyo sababu ilikuwa "siku nyingine" na si kila siku. Nilisafisha kwa pamba na spiriti ya asilimia 99. Ile ya duka la dawa ya asilimia 70 inafaa pia, ila ina maji, lazima uiache ikauke sawasawa kabla ya kuwasha. Mistari mirefu ikaisha palepale. Nikarudia jaribio la mara mia asubuhi ya Jumamosi: `Col 122`. Maana yake sukari ilikuwa na kosa lake, na mguso ndani ya karatasi una kosa lake, na huu wa pili pamba haiufikii. Karatasi zile zimegundishwa pamoja. Ukizibandua unararua njia za fedha, na nimeshaharibu za kutosha ujanani kujua hilo. Hapo dawa ni kubadili kibodi nzima.

Kuna sura ya tatu ambayo yako haina, ila ukiiona utaijua: unabonyeza herufi moja zinatoka mbili tofauti, tuseme n ikaleta h pamoja nayo, au kundi la herufi linakufa kwa pamoja. Vitufe havina waya kila kimoja. Vimepangwa kwenye gridi ya mistari ya kwenda na ya kushuka, na kidhibiti kinajua herufi kwa kuangalia mstari gani umekutana na upi. Maji yakiunganisha mistari miwili, pigo moja linaonekana kwenye njia mbili. Unyevu na umeme vikikaa pamoja kwa muda mrefu, fedha yenyewe huhama, inaota vinyweleo vidogo kutoka njia moja kwenda nyingine. Hiyo ikitokea usihangaike nayo.

Na kuna moja inayowatisha watu kuliko zote kwa sababu haiandiki kitu. Kitufe cha `Ctrl` kikikwama, hakitoi herufi. Lakini kila unachoandika kinageuka amri: ukigusa p linakuja dirisha la kuchapa, ukigusa w ukurasa unajifunga, ukizungusha gurudumu la kipanya maandishi yanakuwa makubwa au madogo. Mwenye mashine anaapa kuna mtu anaiendesha kwa mbali. Kwenye Windows usiandike kitu, nenda kwa kipanya kwenye mipangilio ya `Accessibility`, sehemu ya `Keyboard`, uwashe `On-screen keyboard`: itakuja kibodi ya kwenye skrini, nayo inawaka pale unapobonyeza kitufe halisi. Ukikuta `Ctrl` inawaka na mikono yako iko mapajani, umeshampata mdukuzi wako.

Sasa simu. Hapa yule kijana kidogo ana udhuru, kwa sababu simu inayojigusa inafungua vitu vyenye majina na picha, na macho yanaona kama kuna mtu anachagua. Nami nilianza kwa kuuliza swali lile lile: inagusa wapi?

Simu nyingi za Android zina kifaa cha kujibu hilo ndani yake. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya habari za simu, gusa `Build number` mara saba mpaka ikwambie umekuwa mtengenezaji wa programu. Kisha kwenye ukurasa mpya wa `Developer options` washa `Pointer location`. Kuanzia hapo kila mguso unachora mistari miwili inayokatana pale ulipogusa, na juu ya skrini zinapita namba: `P` ni vidole vingapi, `X` ni umbali kutoka kushoto, `Y` ni umbali kutoka juu. Niliilaza simu yako mezani, imefutwa kavu, chaja imetolewa, nikakunja mikono. Haikupita dakika nne mistari ikaanza kuruka. `P` ikasoma 1, mara 2. `Y` ilikuwa ovyo, 300, 1180, 640. Lakini `X` haikutoka kati ya 655 na 700, na kioo chako kina nukta 720 kwa upana. Yaani miguso yote ilikuwa kwenye ukanda mwembamba ukingoni kulia, kuanzia juu hadi chini.

Nikawasha simu igeuze skrini, nikailaza kwa ubavu. Hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote, wala halihitaji fundi. Ukigeuza simu upande wa kushoto, ukingo wake wa kulia unakuwa juu, na namba zinabadilishana nafasi. Miguso sasa ilikuwa na `Y` kati ya 20 na 65, na `X` ndiyo iliyoruka ovyo. Picha imegeuka, ikoni zimehama, lakini miguso imebaki pale pale kwenye kioo. Anayegusa hafuati kilichoandikwa kwenye skrini. Anafuata kioo.

Ndiyo maana ilimpigia mteja. Kwenye orodha ya simu zilizopigwa, alama ya kupigia iko pembeni kulia kwa kila jina. Ujumbe umeingia usiku, skrini ikawaka, orodha ilikuwa wazi, mguso wa bandia ukaangukia ukanda ule, na wa kwanza kwenye orodha akapigiwa. Mwizi angeingia kwenye pesa za simu. Asingempigia mtu aliyeulizia bei ya madaftari.

Kioo cha simu kinahisi hivi. Ndani yake kuna gridi ya njia za umeme zinazopitisha mwanga, na kila zinapokatana pana chaji kidogo inayopita kutoka njia moja kwenda nyingine. Mwili wako unavuta umeme, kwa hiyo kidole kikikaribia kinaiba sehemu ya ile chaji. Kidhibiti kinalinganisha na hali ya utulivu aliyoikariri, akiona imepungua vya kutosha anasema "kidole". Hakipimi joto wala uzito. Ndiyo maana ukucha haufanyi kazi na kidole kinafanya.

Tone la maji safi lililokaa peke yake juu ya kioo, simu ikiwa mezani, mara nyingi halileti shida, kwa sababu halina pa kuipeleka chaji. Shida inaanza tone likitambaa mpaka likagusa fremu ya chuma uliyoishika, au likaungana na kidole chako. Hapo linakuwa kama sehemu ya mwili wako, na kidole chako kinakuwa na upana wa sarafu. Maji ya bahari ni mabaya zaidi kwa sababu yanapitisha umeme vizuri, hata utando mwembamba usiouona unatosha. Uliza yeyote anayeshika simu akinunua samaki kule soko la Deep Sea. Kuna jingine ambalo watu hawalielewi: wameshaifuta simu, ni kavu, na bado inajigusa kwa sekunde chache. Kidhibiti kilikariri hali ya utulivu wakati maji yapo, maji yalipoondoka kikaona tofauti. Izime skrini kwa kile kitufe cha pembeni, subiri kidogo, iwashe, kwa kawaida kinakariri upya na mambo yanakaa sawa.

Yako haikukaa sawa, na hiyo ndiyo tofauti ya maji ya juu na maji ya ndani. Ya juu yanahamahama, yanaisha ukifuta. Ya ndani yana anwani. Ukanda uliosimama wima kutoka juu hadi chini una sura ya njia moja au mbili za gridi, kwa hiyo nilitarajia kukuta kasoro pale njia hizo zinapokusanyika, kwenye utepe wa waya unaoingia kwenye soketi ya bodi. Nikafungua. Kwenye meno matatu ya mwisho ya soketi kulikuwa na kutu ya kijani, na pembeni yake unga mweupe. Niligusa unga ule kwa ncha ya kijiti nikaonja, mke wangu akinitazama kwa huruma. Chumvi. Ulisema uliifukia kwenye mchele siku tatu. Mchele hautoi chumvi. Maji yalikauka, yakaacha mzigo wake kwenye meno ya shaba, na kila asubuhi yenye umande mzigo ule unalowana na kuunganisha jino na jino.

Nimesugua kwa brashi laini na spiriti ya 99, mara tatu, nikaacha ikauke na joto la taa. Leo asubuhi niliiweka mbele yangu saa nzima, `Pointer location` imewashwa, skrini haizimi. Hakuna mstari uliochorwa. Nikachora mwenyewe kwa kidole kimoja, taratibu, kutoka juu hadi chini kwenye ukanda ule wa kulia, na mstari ukatoka mzima bila kukatika. Siwezi kukuahidi mwaka. Kutu ikishakula shaba inaendelea polepole, na kama imeingia ndani ya utepe uliogandishwa na kioo, itarudi, na hapo utabadili kioo kizima. Ukiona mistari inarudi, angalia kwanza namba: zikiwa tena 655 hadi 700, ni kidonda kile kile.

Angalia pia chaja. Sikuiona ikileta shida kwenye simu yako, lakini ile uliyoniletea nayo, nyepesi kama kiberiti kitupu, sikuipenda. Chaja hafifu zinapitisha kelele za umeme hadi kwenye kioo, na ukigusa wakati inachaji, miguso ya bandia inajitokeza kwenye mstari mmoja na kidole chako, juu yake au chini yake. Dalili yake ni rahisi: chomoa, inaacha. Chomeka, inaanza.

Ungeniuliza ni nini kingenifanya nimwamini yule kijana. Ningeamini kama miguso ingekuwa na maana: ujumbe ulioandikwa wenye maneno kamili ambayo si yako, pesa zilizohamishwa, taarifa kwamba akaunti yako imefunguliwa kwenye kifaa usichokijua. Hayo yangetokea hata kwa kibodi ya nje, hata skrini ikiwa kavu na imegeuzwa. Kitufe kibovu hakijui kinachoandika. Kina mahali pake na kina mwendo wake, basi, na vyote viwili tumeviona kwa namba.

Kibodi ya laptopu yako nimeiagizia. Mpaka ifike, tumia ya USB, au kama unasafiri nayo shikilia `Shift` ya kulia kwa sekunde 8, Windows itakuuliza kama uwashe `Filter Keys`. Kwenye mipangilio yake mna sehemu ya kupuuza pigo la pili la kitufe kile kile likija haraka mno. Muda wake uweke mdogo kabisa inaoruhusu, ingawa hata hapo hutaweza kuandika "saa" wala "nne" bila kungoja kidogo, na barua za wateja utazichukia.

Simu njoo uichukue kuanzia Jumatatu. Na hilo `ninakuja` tutalibadilisha ukifika: utaandika jipya mwenyewe kwenye kibodi mpya, mimi nitageukia ukutani, wewe uhesabu nukta kwa sauti.